Kuseti PID kwa njia ya kuyumbisha: mwongozo kamili kwa kikaushio cha zabibu, na mahali njia hii inapokwama

Mafundi wanaofunga vikaushio vya zabibu huku Dodoma, kuanzia Hombolo hadi Mpunguzi, huniletea tatizo lilelile. Wamefuata njia ya kuyumbisha, yaani kupandisha nguvu ya kidhibiti hadi joto liyumbe bila kuzima na kutoa namba za PID kutoka wimbi hilo, hatua kwa hatua, wamepata wimbi lililotulia, wamepiga hesabu, wameingiza namba, na joto bado linapanda na kushuka usiku kucha. Mara nyingi hesabu yao haina kosa lolote. Kosa liko kwenye wimbi walilolipima: halikuwa lile linalotakiwa.

Mwongozo huu unafuata mashine moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa namba zake. Ni kabati la kukaushia zabibu lenye hita ya umeme ya kilowati 6 na feni inayosukuma hewa ya moto kupita kwenye trei. Lengo ni nyuzi 60. Kidhibiti ni kile kidogo cha mlangoni chenye safu mbili za tarakimu za taa, `PV` kwa joto lililopo na `SV` kwa joto unalotaka. Namba zako zitakuwa tofauti, lakini mwenendo utakuwa huohuo.

## Vifaa na maandalizi

Andaa hivi kabla hujagusa kidhibiti:

- Sensa ya PT100 iliyokazwa imara kwenye mkondo wa hewa, mahali hewa inapoingia kwenye trei. Sensa inayoning'inia ikagusa bati itakupa joto la bati.
- Relei ya elektroniki (`SSR`) ya kuwashia hita. Kontakta ya kawaida haifai kwa kazi hii. Sababu iko hapa chini.
- Kinga ya joto inayojitegemea, isiyopitia kwenye kidhibiti, iliyosetiwa nyuzi 75 na inayokata umeme wa hita moja kwa moja.
- Kifungo cha usalama kati ya feni na hita: feni ikisimama, hita izime.
- Mita ya volti.
- Simu yenye kamera, na kitu cha kuisimamisha mbele ya kidhibiti.
- Daftari na kalamu.

Simu ndiyo kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Rekodi video ya uso wa kidhibiti wakati wote wa jaribio, kisha irudie ukiwa umekaa, ukiandika joto kila baada ya sekunde 5. Macho hayawezi kufuata joto, asilimia ya hita na saa kwa wakati mmoja, na utahitaji vyote vitatu.

Kuhusu kontakta: kidhibiti hakipunguzi umeme wa hita, bali huuwasha na kuuzima ndani ya mzunguko wenye muda maalumu. Kwa kontakta, mzunguko huo huwekwa sekunde 20 au zaidi ili ncha zake zisiungue. Hapo amri ya kidhibiti inaweza kusubiri sekunde kadhaa kabla haijatekelezwa, na kusubiri huko kunaharibu kipimo. Ukiwa na `SSR`, weka mzunguko wa sekunde 2.

Onyo: usianze kabla hujajaribu ile kinga ya nyuzi 75. Ishushe hadi nyuzi 45, pasha moto, uhakikishe inakata, kisha irudishe. Jaribio hili linaisukuma mashine hadi ukingoni kwa makusudi, kwa hiyo kinga si pambo.

## Hatua ya 1: Jua kidhibiti chako kinaandika P kwa lugha gani

PID ina sehemu tatu: `P` hujibu kosa la sasa, `I` hukusanya kosa la muda uliopita, na `D` hutazama kasi ya joto kubadilika. Kwenye `P` ndipo wengi wanapotea hata kabla ya kuanza. Kuna vidhibiti ambavyo `P` ni kizidisho: joto likipungua nyuzi moja chini ya lengo, hita inaongezewa asilimia kadhaa. Kizidisho cha 8 maana yake asilimia 8 kwa kila nyuzi moja. Vingine huandika `P` kama upana wa bendi kwa nyuzi, yaani pengo la joto linalotosha kuipeleka hita kutoka asilimia 0 hadi 100. Hivi viwili vinapingana: kizidisho kikikua, bendi inapungua.

```
bendi = 100 / kizidisho
```

Kizidisho cha 8 ni bendi ya nyuzi 12.5. Kizidisho cha 27 ni bendi ya nyuzi 3.7. Ukikosea hapa, kila unapodhani unaongeza nguvu utakuwa unaipunguza, na utasubiri wimbi lisilokuja.

Namna ya kutambua: weka `I` na `D` kwenye 0, acha joto litulie chini kidogo ya lengo, kisha ongeza namba ya `P`. Asilimia ya hita ikiruka juu papo hapo, hicho ni kizidisho. Ikishuka, hiyo ni bendi. Kuanzia hapa nitataja kizidisho tu.

Angalia pia kama `I` na `D` zimeandikwa kwa sekunde au kwa dakika. Kitabu cha kidhibiti kitasema.

## Hatua ya 2: Fikisha mashine kwenye hali halisi ya kazi

Weka `SV` kwenye 60, feni kwenye mwendo wa kawaida wa kazi, mlango umefungwa. Zima `I` na `D` kwa kuziweka 0, na uzime kujiseti kwenyewe (`AT`) kama kipo. Anza na kizidisho cha 8.

`I` lazima izimwe kwa sababu sehemu hiyo hukusanya kosa la muda uliopita na kuongeza kuchelewa kwake juu ya kuchelewa kwa mashine. Tunachotafuta ni ukomo wa mashine yenyewe, bila msaada wala kizuizi cha `I` na `D`.

Usishangae joto likigoma kufika 60. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 28, na kabati hili likipanda nyuzi 0.6 kwa kila asilimia moja ya hita, kizidisho cha 8 kitaliacha joto kwenye 54.5 hivi, hita ikiwa asilimia 44. Kwa `P` peke yake lazima pengo libaki, kwa sababu pengo ndilo linaloiamuru hita. Wengi hurudisha `I` hapa ili “kurekebisha”. Usiirudishe. Pengo halidhuru jaribio.

Umefaulu ikiwa: joto limesimama mahali pamoja kwa dakika 10, hata kama si kwenye lengo, na asilimia ya hita iko karibu na katikati. Hita ikiwa juu ya asilimia 80, subiri jua lipande. Alfajiri ya Julai, hewa ya Dodoma ikiwa baridi, hita tayari inafanya kazi karibu na kikomo chake, na wimbi litakosa nafasi ya kupanda.

## Hatua ya 3: Panda kidogo kidogo hadi wimbi lisizime

Ongeza kizidisho kutoka 8 hadi 16. Mabadiliko hayo yenyewe yatalisukuma joto kuelekea 57, kwa hiyo huna haja ya kufungua mlango ili kuichokoza mashine. Tazama linavyofika. Litapita kidogo, litarudi, litapita tena, na baada ya mawimbi machache litatulia. Nenda 24. Sasa mawimbi ni mengi na yanazima kwa uvivu.

Kuanzia hapa panda kwa 1 tu, na kila mara subiri angalau mawimbi 6. Kwenye kabati hili wimbi moja linachukua karibu dakika mbili, kwa hiyo kila hatua ni dakika 12 za kusubiri. Kwa 26 vilele bado vinashuka. Kwa 27 vinalingana: 59.1, 59.1, 59.2, 59.1. Kwa 28 kila kilele kinakizidi kilichotangulia.

Hiyo 27 ndiyo kizidisho cha ukomo, `Ku`. Pima muda kutoka kilele hadi kilele kwenye mawimbi 5 mfululizo, gawanya kwa 5. Hapa ni sekunde 115, na hiyo ndiyo `Tu`.

### Wimbi la uongo

Kwenye wimbi la kweli la 27, joto lilicheza nyuzi moja juu na nyuzi moja chini. Kwa hiyo hita ilicheza asilimia 27 juu na 27 chini, kati ya takriban 23 na 77. Haikugusa 0 wala 100.

Fundi asiye na subira hutoka 16 akaruka hadi 60. Joto linaanza kuyumba, mawimbi yanakua, kisha yanaacha kukua. Yanabaki nyuzi 2 na nusu juu na chini, sawasawa kabisa, yakipendeza macho. Anaandika `Ku = 60`.

Kilichoyazuia mawimbi hayo kukua ni hita, ambayo imefika mwisho wa uwezo wake. Haiwezi kutoa zaidi ya asilimia 100 wala chini ya 0. Wimbi la namna hiyo utalipata kwa 30, kwa 60, hata kwa 200, na halikuambii lolote kuhusu ukomo zaidi ya kwamba umeshaupita.

Tazama matokeo yake kwenye hesabu. Kanuni ya PID itamwambia achukue 0.6 ya 60, yaani 36. Ukomo wa kweli ni 27. Ameingiza kizidisho kinachozidi ukomo, na kabati litayumba mfululizo hata afanye nini na `I` na `D`. Hili ndilo tatizo la karibu kila video niliyotumiwa.

Kwa hiyo usihukumu wimbi kwa kutazama joto peke yake. Badilisha uso wa kidhibiti uonyeshe asilimia ya hita. Ikigusa 0 au 100 hata mara moja ndani ya wimbi, kipimo hicho kitupe, shusha kizidisho, subiri, anza tena. Kama kidhibiti chako hakionyeshi asilimia, tazama taa ya `OUT`: ikiwaka bila kukatika kwa sekunde kumi au zaidi, halafu ikazimika kabisa kwa muda kama huo, hita iko ukutani pande zote mbili.

Jambo moja jema kuhusu wimbi la uongo ni kwamba muda wake unakaribiana sana na `Tu` ya kweli. Kwa hiyo aliyepima hivyo amekosa `Ku` tu.

## Hatua ya 4: Piga hesabu

Kanuni za Ziegler na Nichols, zilizotolewa mwaka 1942, ni hizi. `Kp` ni kizidisho cha kuingiza, `Ti` ni muda wa `I`, na `Td` ni muda wa `D`:

```
P    : Kp = 0.5  x Ku
PI   : Kp = 0.45 x Ku    Ti = Tu / 1.2
PID  : Kp = 0.6  x Ku    Ti = Tu / 2     Td = Tu / 8
```

Kwa kabati letu, PID inatoa `Kp` 16.2, `Ti` sekunde 57 na nusu, `Td` sekunde 14. Kama kidhibiti kinataka bendi, 100 gawanya kwa 16.2 ni nyuzi 6.2.

Kama unaandika programu yako mwenyewe kwenye bodi ndogo, huenda inatumia `Ki` na `Kd` badala ya muda. Badilisha hivi:

```
Ki = Kp / Ti     (16.2 / 57.5 = 0.28)
Kd = Kp x Td     (16.2 x 14.4 = 233)
```

Kuingiza 57.5 mahali pa `Ki` ni kosa la zaidi ya mara mia mbili, na mashine itayumba kana kwamba hukupima chochote.

## Hatua ya 5: Jaribu, na uone unachopewa

Acha joto litulie kwenye 60. Panda `SV` hadi 62. Kwa namba za PID hapo juu, joto litakimbia, litapita hadi karibu 63, litarudi chini ya 62, litapita tena kidogo, kisha litatulia. Kila kilele kitakuwa kama robo ya kilichotangulia. Sasa fungua mlango kwa sekunde chache, funga. Joto litaanguka na kurudi upesi.

Mtu akiona kupita huko kwa nyuzi nzima, hudhani amekosea. Hajakosea. Kanuni hizi zilikusudiwa kuleta mawimbi yanayopungua kwa robo, kwa sababu kipaumbele kilikuwa kuondoa usumbufu haraka. Ukizifuata kikamilifu, unapata mashine inayojibu mlango kwa wepesi na inayoyumba kila unapobadilisha lengo.

## Udhaifu wa njia hii

Udhaifu wa kwanza ndio huo: nafasi ya usalama ni ndogo. Kizidisho cha 16.2 kinakaa karibu mno na ukomo kwa mashine ambayo tabia yake inabadilika saa hadi saa. Kabati la zabibu hubadilika kwa sababu tatu, na ya kwanza ni umeme.

Nguvu ya hita inafuata mraba wa volti. Ukipima jioni, wakati kila nyumba ya mtaa imewasha vitu na mita yako inasoma volti 205, kisha usiku wa manane ikapanda hadi 235, hita ileile kwa asilimia ileile inatoa joto mara 1.3 ya ulilopima. Ukomo unashuka kutoka 27 hadi kama 20 na nusu. Hujagusa kitu, lakini 16.2 yako, iliyokuwa 0.6 ya ukomo, sasa ni karibu 0.8. Mawimbi yaliyokuwa yakizima haraka yatachukua muda mrefu kutulia. Ndiyo maana mita ya volti iko kwenye orodha: andika volti kando ya `Ku`, na ukiweza pima wakati volti iko juu.

Sababu ya pili ni hewa. Wavu wa feni ukijaa vumbi, na huku vumbi si haba, hewa inapita polepole. Kila asilimia ya hita inapasha hewa hiyo zaidi, na hewa yenyewe inachelewa kuifikia sensa. Yote mawili yanaushusha ukomo. Ya tatu ni zabibu zenyewe. Siku ya kwanza zina maji mengi yanayonyonya joto na kuyafanya mawimbi yawe mazito. Mwishoni zimekauka na kabati linakuwa jepesi. `Ku` ya siku ya kwanza itakudanganya siku ya mwisho. Pima katika hali ambayo ukomo uko chini kabisa: mzigo uliokaribia kukauka, volti ya juu, wavu ulio na vumbi lake la kawaida. Baridi ya nje haimo katika orodha hii. Inabadilisha kiasi cha hita kinachohitajika, lakini ukomo haiugusi.

Udhaifu wa pili ni kwamba lazima uifikishe mashine ukingoni. Nyuzi moja juu na chini haiharibu zabibu. Lakini usifanye hivi kwenye pampu inayosukuma maji kwenda tangi la mlimani, ambako shinikizo linaloyumba linaweza kupasua viungo vya bomba, wala kwenye boila. Na kuna mashine zisizo na wimbi la kupima kwa vitendo: tangi kubwa la maji lenye hita ndogo lina ukomo ulio juu sana, kiasi kwamba hita itagusa 0 na 100 kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Hapo kila wimbi utakaloliona ni la uongo.

### Namba tulivu zaidi kutoka kipimo kilekile

Kwa vikaushio, mimi huacha kanuni za 1942 na kutumia za Tyreus na Luyben, zinazoanza na `Ku` na `Tu` zilezile:

```
PI   : Kp = Ku / 3.2     Ti = 2.2 x Tu
```

Kabati letu linapata `Kp` 8.4 na `Ti` sekunde 253, `D` ikiwa 0. Rudia jaribio la 60 hadi 62: joto linapanda na kupita kidogo sana, kisha linakaa. Fungua mlango: linarudi polepole, dakika kadhaa, bila kuyumba. Hata volti ikipanda hadi 235, 8.4 bado iko mbali na 20 na nusu. Kwa zabibu zinazokaa ndani kwa saa nyingi, dakika hizo za kurudi si hasara. Kwa kazi ambayo usumbufu ni wa kila dakika, namba hizi ni nzito mno, na ni bora kuanzia 16.2 na kushuka taratibu.

### Kuyumbisha bila kufika ukingoni

Kama unaogopa kupandisha kizidisho, au huna muda wa dakika 12 kwa kila hatua, tumia wimbi la kubanwa, njia ya Åström na Hägglund ya mwaka 1984. Weka kidhibiti katika hali ya kuwasha na kuzima tu, lakini punguza nafasi ya hita: ibane chini isishuke chini ya asilimia 33 na juu isizidi 73. Lengo liwe mahali joto linapokaa hita ikiwa asilimia 53, yaani 60. Hita inacheza 20 juu na 20 chini, na wimbi haliwezi kukua kupita hapo.

```
Ku = (4 x d) / (3.14 x a)
```

`d` ni 20, na `a` ni nusu ya urefu wa wimbi la joto kutoka bonde hadi kilele. Kabati letu litatoa `a` ya nyuzi 1.14, yaani `Ku` ya 22, na `Tu` ya sekunde 115 hivi. Kwa kupandisha kizidisho tulipata 27. Tofauti hiyo inatokana na umbo la wimbi: kwenye kabati kama hili linakuwa na ncha kali kama pembetatu, na kanuni inachukulia kwamba ni la mviringo. Hapa imekosea upande wa chini, ambao ni upande salama, kwa hiyo ingiza 22 kwenye kanuni bila kuipandisha.

Vidhibiti vingi vyenye `AT` hufanya jaribio la namna hii vyenyewe, lakini kwa hita kwenda 0 na 100 kamili, na mara nyingi humaliza kwa namba kali. Ukitumia `AT`, iwashe joto likiwa tayari karibu na lengo, kisha gawanya kizidisho ilichokupa kwa 2 na uzidishe `Ti` kwa 2 kabla hujapakia zabibu. Na ukibadilisha feni, hita au mahali pa sensa, futa namba zote na urudi hatua ya 2.